Hosteli ya Wasichana Garissa, Mara Thelathini na Moja

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti mjini Garissa, na kila ninapoulizwa nafanya nini huwa naeleza kwa hasira kidogo, maana anayeuliza amekwisha kuamua kwamba nauza bando. Nina chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, feni isiyomaliza mzunguko, na wateja ambao karibu wote ni watu wa ukoo wangu. Mwenye duka la matangi ya maji ni binamu. Mwenye dawa ni shemeji. Mwenye kampuni ya tiketi kule Eastleigh ni mtoto wa mjomba. Kwetu mtu haendi kwa fundi mgeni wakati fundi wa damu yupo, hata kama huyo wa damu ni mzembe. Mimi si mzembe. Kosa nitakalolieleza hapa nililifanya kwa bidii kubwa.

Shangazi yangu, dada yake baba, ana hosteli ya wasichana. Twamwita eeddo, ndiyo shangazi kwa Kisomali, naye hutuita eeddo vilevile, kama ilivyo desturi yetu ya kurudishiana jina. Wanaolala kwake ni wasichana wanaosoma shule za kutwa za hapa mjini na kwao ni mbali: Sangailu, Masalani, wengine Wajir. Baba mwenye ng'ombe hamwachi binti yake mjini kwa mtu asiyemjua. Kwa hiyo hosteli ya shangazi ndiyo tofauti kati ya msichana kusoma na msichana kurudi kuchunga. Alikuwa na nyumba mbili zilizopakana, na nyumba ya pili aliichukua kwa ahadi kwamba ataijaza.

Siku moja aliniita barazani. Mimi mwanamume siingii ndani kwa wasichana, kwa hiyo mazungumzo yetu yote yalifanyika pale barazani, juu ya mkeka, na chai ya maziwa ya ngamia mkononi.

"Eeddo," alisema, na p mdomoni mwake ikageuka b kama kawaida ya wazee wetu, "siku hizi mzazi hatafuti mtu. Anatafuta kwa simu. Mimi kwa simu sibatikani. Muhula ukifunguliwa na hii vitanda iko tupu, nyumba ya bili narudisha kwa mwenyewe. Wasichana kumi na sita, nitawaweka wabi?"

Nilimwambia alale usingizi. Nikamwambia mbele ya baba yangu, aliyekuwa amekaa pembeni na tasbihi yake, kwamba kabla ya muhula kufunguliwa kila atakayeandika "hosteli ya wasichana Garissa" kwenye simu yake atamkuta yeye wa kwanza. Nilijipiga kifua nikisema hivyo. Nakumbuka kifua changu kilivyotoa mlio.

Sasa nieleze jambo lenyewe, maana bila hilo aibu yangu haitaeleweka. Tovuti moja ikiielekeza nyingine, huweka linki, yale maneno yenye rangi ya buluu unayoyabonyeza yakakupeleka kwingine. Injini ya utafutaji huzihesabu linki hizo kama watu wanaokusema vizuri, na husoma pia maneno yenyewe yaliyobonyezwa ili ijue unasifiwa kwa lipi. Hilo nililijua. Nikafikiri: kama neno moja la sifa lina faida, basi neno hilohilo likirudiwa na kila mtu litakuwa na faida kubwa zaidi.

Mtu mwingine angesita hapo. Mimi sikusita, na najua kwa nini. Nilisoma chuo cha Kurani, duksi kwa Kisomali, miaka sita, nikiandika aya kwenye ubao wa mti kwa wino wa mkaa na kuzisoma mpaka zikakaa kichwani. Kule kugeuza herufi moja ni kosa la kuchapwa. Mwanafunzi bora ni yule anayerudisha neno kama alivyopewa, bila kuongeza wala kupunguza. Na watu wote niliokusudia kuwatumia walilelewa kwenye mkeka kama ule. Aya haigeuzwi, hilo ni sawa kabisa. Lakini mimi nilichukua adabu ya Kitabu nikaivika tangazo la vitanda.

Nikaingia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp na kutuma ujumbe wa sauti. Nilisema: kila mwenye tovuti, blogu au ukurasa wa biashara, amsaidie eeddo. Wekeni maneno haya manne, hosteli ya wasichana Garissa, na linki iende kwake. Msibadilishe kitu. Nikarudia: msibadilishe hata nukta.

Ukoo wangu hukawia kwa kila jambo isipokuwa kusaidiana. Kwa siku tatu simu yangu haikutulia. Wateja wangu kumi na mmoja niliwawekea mwenyewe, tena chini kabisa ya kila ukurasa, ili maneno yatokee kila mahali. Mtu akitafuta tangi la maji lita elfu kumi, chini ya tangi anakuta hosteli ya wasichana Garissa. Anayesoma bei ya dawa ya minyoo ya mbuzi, chini ya minyoo anakuta hosteli ya wasichana Garissa. Mjomba wa Minneapolis mwenye teksi naye akaweka, na sidhani kuna abiria hata mmoja wa Minneapolis aliyewahi kutafuta kitanda Garissa. Nilihesabu tovuti thelathini na moja. Nikacheka kwa furaha, peke yangu, chini ya feni.

Ndani ya tovuti ya shangazi nilifanya vibaya vilevile. Kurasa zilikuwa nyingi, za chakula, ratiba, usafiri, matroni, na kila mahali linki ya kwendea ukurasa mwingine niliiita jina lilelile. Niliandika sentensi hii, na sitaificha: "Wasichana wa hosteli ya wasichana Garissa hula chakula safi katika hosteli ya wasichana Garissa." Mzazi aliyetaka kujua gari la kutoka Masalani hufika saa ngapi alibonyeza maneno hayo akaletewa ukurasa wa chakula, akabonyeza tena akaletewa wa matroni. Binti yake angemaliza shule kabla hajalijua gari.

Mtu mmoja tu hakufuata. Alikuwa msichana wa Sangailu aliyelala kwa shangazi miaka minne, na sasa anafanya kazi kwenye ofisi ya shirika moja la misaada kule Dadaab. Si wa damu yetu lakini shangazi alikuwa amemweka kwenye kundi kama mwanawe. Ana blogu yake anayoiandika kwa simu. Aliandika habari ndefu kuhusu kuondoka nyumbani akiwa na sanduku la bati, na katikati ya habari hiyo akaweka linki kwa shangazi. Maneno aliyoyatia buluu ni haya: nyumba niliyolala bila kuogopa.

Nilimpigia simu nikiwa nimekasirika, ingawa tuliitana dada na kaka, abaayo na abboowe.

"Abaayo, nilisema maneno manne. Wewe umeandika nini?"

"Abboowe, nimeandika vile ninaiita."

"Nani atatafuta nyumba aliyolala bila kuogopa? Badilisha."

Msichana akasema kwa upole, "Mimi siwezi kuita kwetu hosteli ya wasichana Garissa. Hiyo ni kama kumuita mama yako mwanamke wa Sangailu. Wacha ikae hivo, walaahi haidhuru mtu."

Nilimwacha, ila nilimwekea kinyongo. Nilikuwa na thelathini na moja zilizonyooka na moja iliyopinda, na kila nilipoifikiria orodha yangu ile moja ilinichoma.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Tovuti ilipanda, shangazi akapigiwa simu na mzazi wa Wajir, kisha na mwalimu wa Nairobi. Akanisifu mbele ya baba. Nilikaa wiki kadhaa nikitembea mjini kama mtu aliyeoza binti kwa ngamia mia. Halafu, wiki chache kabla ya muhula, simu yake ikanyamaza. Niliandika yale maneno manne kwenye simu yangu: hakuna. Nikaandika jina kamili la hosteli: likaja chini kabisa, baada ya hoteli za watalii za Lamu.

Kuna ukurasa wa msimamizi ambamo injini ya utafutaji hukuandikia ikiwa na neno na wewe. Sikuwa nimeufungua kwa muda. Niliufungua asubuhi moja na kukuta ujumbe. Ulisema tovuti hii imeonekana kuelekezewa linki zisizo za asili, zilizopangwa kwa nia ya kudanganya matokeo, na kwamba imechukuliwa hatua. Niliusoma mara mbili. Sikuhitaji mara ya tatu. Watu thelathini wa kweli hawasemi jambo kwa maneno yaleyale. Mmoja husema "kwa yule mama karibu na msikiti," mwingine hutaja jina tu, mwingine husema "bonyeza hapa," mwingine huweka anwani yenyewe kavu kavu. Vinywa thelathini vikitoa sauti moja, hata mtoto atajua kuna aliyevifundisha. Aliyevifundisha alikuwa mimi.

Jioni hiyo shangazi aliniita barazani. Baba alikuwepo, na mama mmoja jirani.

"Eeddo, simu imekufa. Kuna nini?"

Nikasema, "Kuna linki mbaya imetuharibia."

Ningeishia hapo, nusu ya ukweli ingebaki kunitafuna mimi tu. Lakini akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Linki ya nani?"

Naandika haya nikiona haya, na haya yenyewe haijapungua kwa kuandikwa. Nilikuwa nimeusoma ujumbe asubuhi. Nilijua. Nikamtazama baba, nikalikumbuka pigo nililojipiga kifuani, nikasema, "Ya yule wa Dadaab. Nilimwambia abadilishe, akakataa. Yake haifanani na za wengine."

Kila sentensi katika jibu hilo ilikuwa ya kweli, na jibu lenyewe lilikuwa uongo mtupu.

Shangazi hakusema kitu kibaya. Alichukua simu akampigia palepale, kwa Kisomali, kwa sauti ya chini, na nikasikia upande wetu tu wa maneno: hapana, mwanangu, najua hukukusudia, ondoa tu. Nilipofika chumbani kwangu nikaangalia. Linki ilikuwa imeondolewa. Habari yote ilikuwa imeondolewa, pamoja na sanduku la bati.

Tulifungua muhula na vitanda kumi na viwili vitupu. Shangazi alizunguka kwa simu na kwa miguu, akawapata wasichana wanne. Hawakutosha. Mwezi uliofuata aliirudisha nyumba ya pili, na wasichana waliokuwamo wakahamia ile ya kwanza, wawili wawili kwenye baadhi ya vitanda. Nilisaidia kubeba magodoro. Waliniambia asante.

Kusafisha nilianza kabla ya hapo, kimyakimya. Kwa wateja wangu kumi na mmoja niliondoa yale maneno chini ya kila ukurasa kwa siku moja. Ukoo ndio ulikuwa kazi. Niliwatumia ujumbe kwamba waondoe, na kama kweli mtu ana sababu ya kumtaja eeddo kwenye tovuti yake, aandike kwa maneno yake mwenyewe. Shemeji wa dawa alijibu kwanza: "Sawa. Tutumie hayo maneno yetu wenyewe tunakili." Binamu wa matangi akauliza kama maneno yake mwenyewe ni manne au matano. Siku nyingine ningecheka mpaka nikalia. Mmoja mmoja niliwapigia, nikawauliza wanamjua shangazi kwa lipi, na wengi nikawaomba waondoe tu, kwa sababu duka la matangi halina cha kusema kuhusu vitanda. Wawili wakabaki. Mwalimu mstaafu aliyekuwa akiandika kuhusu shule za Ijara alitaja jina la hosteli mahali alipoeleza wasichana wa kwao hulala wapi. Mwenye gari la Masalani aliandika "tunashusha abiria mlangoni kwa mama wa hosteli," akatia buluu yale matatu ya mwisho. Zilikuwa linki nzuri kwa sababu kila moja ilikuwa na shughuli pale ilipo. Watu watatu ambao hawakujibu kabisa niliwaandika kwenye faili ya kukana, ili linki zao zisihesabiwe.

Ndani ya tovuti nilibadilisha kila kitu. Linki ya chakula sasa inasema "wanachokula wiki hii." Ya gari inasema "gari la Masalani na Sangailu." Hilo la ndani halikuwa limetuletea adhabu, adhabu ilihusu linki za nje, lakini lilikuwa upumbavu wa aina yake: maneno ya linki yapo kumwambia msomaji anakokwenda, na mimi nilikuwa namzungusha kama ng'ombe wa kukamua ufuta.

Ilibaki barua. Ili hatua iondolewe lazima umwandikie mkaguzi usiyemjua, umweleze ulifanya nini, umerekebisha nini, na kwamba hutarudia. Niliiandika kwa Kiingereza, adhuhuri, mlango umefungwa. Ilinitoka kwa urahisi wa ajabu. Niliandika: mimi ndiye niliyepanga linki hizi. Niliwapa jamaa zangu maneno yaleyale na kuwakataza kuyabadilisha. Mwenye hosteli hakujua. Hakuna mwingine wa kulaumiwa. Nikaambatanisha orodha. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi, nikashuka kununua chai, na nusu ya kikombe ndipo nikatambua kwamba nimeungama kila kitu kwa mgeni wa nchi za mbali, huku nyumba ya shangazi ikiwa mtaa wa pili.

Hata hivyo sikwenda. Nilijiambia nitangoja jibu, nimpelekee ukweli pamoja na habari njema, kama mtu anayeficha kidonge ndani ya tende. Idi ikaja. Msichana wa Dadaab huja kila Idi kusalimia, na kitambaa cha shangazi mkononi. Safari hii hakuja. Shangazi alisema labda ni kazi, nami nikasema ndiyo, labda ni kazi.

Jibu lilikuja wiki chache baadaye. Hatua imeondolewa. Nilikwenda barazani karibu nikikimbia, nikamwonyesha simu.

"Eeddo, tumesamehewa."

Alivaa miwani, akautazama ujumbe asioweza kuusoma, akaivua.

"Tumesamehewa nini? Sisi tulifanya nini?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale kwenye mkeka. Nikamwambia yote, tangu ujumbe wa sauti mpaka ule usomaji wa asubuhi, kwamba nilijua siku ile alipouliza. Nilimwambia pia kwamba hatutarudi pale juu tulipokuwa mara moja, kwa sababu kule juu kulikuwa kwa kudanganya, ila sasa tutapatikana. Baba aliacha kuhesabu tasbihi.

"Ile ya msichana," alisema shangazi hatimaye, "ilikuwa mbaya ama nzuri?"

"Ilikuwa nzuri. Katika zote, yake ndiyo ilikuwa ya kweli. Hakuna aliyemfundisha."

"Biga simu."

"Eeddo, niruhusu nimwandikie kwanza—"

"Biga. Weka sauti."

Nikapiga. Iliita mara nyingi. Alipopokea alisalimia kwa heshima, akauliza hali ya kila mtu, akauliza wasichana, akauliza mguu wa shangazi. Nikamwambia kwamba habari yake haikuharibu kitu. Nikasema ni mimi, maneno yangu manne, na kwamba nilijua nilipomtaja. Nikamwomba anisamehe, na nikasema kama anaweza airudishe ile habari, si kwa ajili ya tovuti.

Nyuma yake nilisikia lori la maji likirudi kinyumenyume na mtu akipiga kelele.

"Abboowe," alisema. "Kwa hivo si mimi?"

"Si wewe."

"Ile nyumba ya pili imerudishwa. Niliambiwa. Wasichana wanalala wawili wawili." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Mimi nimekaa miezi yote nikijua ni mimi nimewafanyia. Idi nilifika mpaka Garissa. Nilishuka stendi. Nikaona haya kuwaangalia, nikapanda gari nikarudi."

Mimi niliyekuwa nimebeba aibu yangu miezi hiyo yote nikijiona mtu wa kuhurumiwa, sikuwa hata nimeibeba. Nilikuwa nimempa yeye aibebe. Nilifungua mdomo, na kila nililotaka kusema lilikuwa linanihusu mimi.

Shangazi hakunitazama. Alinyoosha mkono, akaichukua simu, akazima sauti ya nje, akaiweka sikioni huku akisema "mwanangu, mwanangu," akaingia nayo ndani upande wa wasichana, ambako sisi wanaume hatuingii. Baba akainuka akaenda kuswali. Nilikaa barazani mpaka chai aliyoiacha shangazi ikapoa.